Sudoku ya herufi: neno MCHONGAJI ndani ya vyumba 81

Sudoku ya herufi huhitaji neno la herufi tisa zisizojirudia, na Kiswahili kinatoa machache kwa sababu irabu zetu ni tano na hurudi rudi. MWANDISHI ina I mbili, haifai. MCHONGAJI inafaa: M, C, H, O, N, G, A, J, I. Hapa sahau matamshi. CH ni sauti moja mdomoni, lakini ubaoni C na H kila moja ina chumba chake.

Kanuni ni ile ile ya tarakimu. Kila mstari unaolala, kila safu inayosimama na kila kisanduku cha vyumba tisa kiwe na herufi zote tisa, mara moja moja.

Tuchukue kisanduku cha juu kushoto:

```
M . C
. H .
O . .
```

Anza na chumba kilicho kati ya M na C. Kisandukuni tayari mna M, C, H na O. Ukifuata mstari wa kwanza hadi mwisho wa ubao unakuta A na J. Ukishuka na safu ya pili unakuta N na I. Herufi nane zimekataliwa, imebaki G. Iandike kwa kalamu.

Sasa geuza swali. Badala ya kuuliza chumba hiki kina nini, uliza J itakaa wapi. Mstari wa kwanza una J, na tuseme wa tatu nao unayo mbele, kwa hiyo yetu lazima iwe mstari wa pili, upande mmoja wa H. Safu ya kwanza ina J huko chini. Basi inakaa kulia kwa H.

Zimebaki N, A na I. Chumba kilicho chini ya H kimo katika safu ya pili, ambayo ina N na I tayari, kitakuwa A. Vyumba viwili vya mwisho vinagombaniwa na N na I. Hapo usibahatishe. Ziandike zote mbili kwa penseli, ndogo ndogo pembeni, uende kisanduku kingine. Siku N itakapotokea kwingine katika mstari wa pili, chumba kilicho kushoto kwa H kitakuwa I, na N itashuka mstari wa tatu.

Wengi huharibu kwa tamaa. Mafumbo mengine huficha neno lenyewe katika mstari mmoja au mshazari, basi mtu akiona M ikifuatwa na C anajaza MCHONGAJI yote. Ukiona G mbili safu moja, kosa si la hapo, lilifanyika nyuma. Futa hadi herufi ya mwisho unayoweza kuieleza sababu yake. Na andika herufi kubwa, maana j na i ndogo za penseli zinafanana mno.