Miwani ya progresivu: Chagua fremu kwanza, upimwe baadaye

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi kutoka Nyamira, mwenye umri wa miaka 52, alifika kwangu akilalamikia maumivu ya shingo. Alidhani ni shinikizo la damu. Nilimpima na kukuta halikuwa na kasoro. Lakini nilipomwomba asome kalenda iliyokuwa ukutani, aliinamisha kidevu hadi kikakaribia kifua, akaitazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya lenzi zake.

"Mwalimu, miwani hii uliipata lini?" nikamuuliza.

"Ina wiki 6 sasa, daktari. Niliambiwa nitaizoea."

Msomaji, kuna mambo ambayo jicho huyazoea, lakini hili silo mojawapo.

Lenzi za progresivu hazina mstari kama zile za baifokali. Sehemu ya juu ni ya kuonea mbali, na ya chini ni ya kusomea. Kati yake kuna ujia mwembamba ambamo nguvu ya lenzi huongezeka polepole. Kiwandani, kila lenzi huwekwa msalaba mdogo wa wino. Msalaba huo unapaswa kukaa mbele ya mboni ya jicho unapotazama mbali. Usipokaa hapo, sehemu zote za lenzi huhama pamoja nao.

Ili fundi ajue pa kuuweka, hana budi kupima urefu kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa chini wa fremu. Kipimo hiki hakimo katika karatasi uliyopewa na mpimaji wa macho, na hakiwezi kuwemo. Nguvu ya lenzi inategemea macho yako, lakini urefu huu unategemea pia pua yako, masikio yako na fremu uliyoichagua. Fremu moja hukaa juu ya pua, nyingine huteremka. Ukibadilisha fremu, kipimo cha kwanza hakifai tena.

Hilo ndilo lililompata mwalimu wetu. Katika duka moja mjini Kisii alivaa fremu kubwa, na mboni zake zikapimwa kuwa milimita 23 juu ya ukingo wa chini. Kisha akapendezwa na fremu nyingine, nyembamba zaidi. Muuzaji akabadilisha fremu lakini akaacha kipimo kile kile. Katika fremu ya pili mboni zilikuwa milimita 18 tu. Kwa hivyo msalaba ulikaa milimita 5 juu ya mboni, naye akitazama ubao mbele yake alikuwa akitazama kupitia ujia, ambamo nguvu ya kusomea imekwisha kuanza. Ubao ukawa na ukungu, na shingo ikalipa gharama.

Kosa linaweza kuwa la upande wa pili pia. Msalaba ukiwa chini mno, utaona mbali vizuri, lakini kusoma kutakulazimu uinue kidevu au uisukume miwani juu kwa kidole.

Upimaji wenyewe hauchukui dakika nyingi. Kwanza fundi airekebishe fremu ikukae sawasawa puani na masikioni, kwani akiirekebisha baada ya kupima, kipimo kitabadilika. Kisha aketi mbele yako, macho yake yakiwa sawa na yako. Akiwa amesimama nawe umeketi, utainua macho na kipimo kitapanda. Wewe tazama mbali, kichwa kikiwa katika hali yake ya kawaida. Atatia nukta kwa kalamu kwenye plastiki ya fremu, mbele ya kila mboni, kisha apime kwa rula ya milimita. Kila jicho lipimwe peke yake, kwa kuwa nyuso nyingi hazilingani pande zote mbili.

Kwa hivyo usimpe dereva wa matatu fremu aipeleke Kisii pamoja na karatasi yako ya macho huku wewe umebaki Keroka. Uso wako lazima uwepo.

Siku ya kuchukua miwani, omba uivae kabla wino haujafutwa, na mtu mwingine aangalie kama misalaba iko mbele ya mboni. Ikiwa wino umeshafutwa, tazama mbali kisha uiteremshe miwani kidogo. Ukiona vizuri zaidi, yamkini lenzi zimewekwa juu mno. Ukiwa unasoma, iinue kidogo. Maandishi yakitakata, huenda zimewekwa chini mno.

Ukungu wa pembeni ni maumbile ya lenzi hizi, na wengi huuzoea kwa wiki moja au mbili. Tofauti ya milimita 1 au 2 fundi anaweza kuisahihisha kwa kukunja vishikio vya pua. Milimita 5 haziondoki hivyo. Mwalimu wetu alitengenezewa lenzi mpya kwa kipimo cha 18, na sasa anasoma ubao akiwa ameinua kichwa.