Pikipiki Binafsi Isibebe Abiria Kabla ya Kubadilishwa Matumizi

Na Mwandishi Wetu, Runzewe

Mkazi wa Runzewe, wilayani Bukombe mkoani Geita, aliyenunua pikipiki kwa safari za shambani au machimboni, anaweza kuitumia pia kujipatia kipato kwa kubeba abiria na mizigo. Hata hivyo, mara anapopokea nauli, chombo hicho huwa cha biashara, na nyaraka zake hazina budi kubadilika.

Hatua ya kwanza ni kuomba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ibadilishe usajili kutoka matumizi binafsi kwenda biashara. Namba ya njano huondolewa na kuwekwa nyeupe. Hatua ya pili ni leseni ya usafirishaji, inayosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Leseni hiyo ni tofauti na leseni ya udereva, ambayo dereva lazima awe nayo kwa daraja la pikipiki.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni bima. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi hutegemea kwamba pikipiki haikodishwi. Abiria aliyelipa nauli akiumia, kampuni ya bima inaweza kukataa dai, na mmiliki akalazimika kulipa fidia kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo, mmiliki asome sehemu ya matumizi katika hati yake na ahakikishe inataja kubeba abiria kwa malipo. Uhalali wa bima huhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), tiramis.tira.go.tz.

Nyaraka zikikamilika, jambo linalofuata ni kupanga nauli. Tuchukue mfano wa abiria anayepelekwa kijiji kilicho umbali wa kilomita 10. Dereva akirudi mtupu, pikipiki imetembea kilomita 20. Ikiwa lita moja humpeleka kilomita 40 na huuzwa shilingi 3,000, mafuta yamegharimu shilingi 1,500. Akitenga shilingi 50 kwa kila kilomita kwa ajili ya oili, matairi, mnyororo na breki, anaongeza shilingi 1,000. Nauli ya shilingi 5,000 humwachia shilingi 2,500. Anayehesabu mafuta ya kwenda peke yake hudhani amebakiwa na shilingi 4,250, akazitumia zote, na siku tairi linapokwisha hana fedha ya kununua jingine.

Upungufu huo ndio humsukuma dereva kubeba mishikaki au kuendelea na breki zilizolika. Abiria wa pili huongeza uzito nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukakosa utulivu na umbali wa kusimama ukarefuka, hasa kwenye changarawe. Abiria awe mmoja, naye na dereva wavae kofia ngumu zilizofungwa kidevuni.