Fulana Zisizonunuliwa Zinalipwa na Nani?

Mtu akishapata watazamaji elfu kadhaa wanaofuata chaneli yake ya YouTube, aghalabu humjia wazo la kuwauzia fulana yenye jina la chaneli hiyo, na swali la kwanza analotuletea sisi wachapaji ni bei ya kuchapa. Ilhali swali lililostahiki kutangulia ni hili: zile zitakazobaki kabatini, hasara yake ataibeba nani?

Ukizipeleka picha zako kwa kampuni za ng'ambo kama Printful na Printify, jawabu ni kwamba hazibaki, kwa sababu fulana haichapwi mpaka mtazamaji mmoja ameichagua na kuilipia, ndipo huchapwa ile moja tu na kupelekwa kwake moja kwa moja. Hapana mtaji unaolala. Walakini fulana inayochapwa peke yake hugharimu zaidi kuliko moja kati ya hamsini, na ziada hiyo ndiyo ada unayolipa ili usibaki na mzigo. Kwa fundi wa Kariakoo mambo ni kinyume: kila fulana ni rahisi, na mzigo ni wako wote.

Natuchukue mfano wa mama wa Tanga anayefundisha mapishi, aliyeagiza fulana 50 za rangi mbili. Tuseme fulana tupu ni shilingi 8,000, kuchapa ni 3,000 kwa kila moja, fremu za kuchapia ni 30,000 kwa kila rangi, na mifuko ya kufungia ni 15,000 kwa zote. Jumla ni 625,000, yaani 12,500 kwa fulana. Akaona kwamba akiuza kwa 18,000 atapata faida ya 5,500, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mbili zitaharibika au atazigawa, na saizi huwa hazilingani na watu, hata akabakiwa na nane, aghalabu zile kubwa mno na ndogo mno. Basi 625,000 zile zinabebwa na fulana 40 zitakazouzwa, na kila moja imemgharimu 15,625. Ongeza 1,500 za makato ya pesa za simu na nauli ya kuufikisha mzigo stendi, unapata 17,125. Ile faida ya 5,500 imekuwa 875, na kwa fulana 40 ni shilingi 35,000 tu, ujira usiofika hata gharama ya siku zake za kujibu jumbe za wateja.

Akiuza kwa 25,000, kila moja humwachia 7,875, jumla 315,000. Na mtaji wake hurudi akiuza ya 27, badala ya kungoja ya 38 kama angeuza kwa 18,000. Kwa hiyo bei haitoki kwenye gharama ya fulana moja mkononi. Hutoka kwenye idadi unayotaraji kwa hakika kuuza. Asiye na yakini nayo na afungue oda kwa siku kumi, akipokea malipo pamoja na saizi kabla hajakwenda kwa fundi, na hapo nane zile hupungua sana.

Amma kuhusu ubora, jambo moja latosha. Wino wa plastiki unaotumiwa na wachapaji wengi haukauki kwa jua. Hutaka joto la nyuzi 160 hivi, lifike ndani ya wino wenyewe. Fundi mwenye haraka huutoa mapema, na kwa macho hutatambua. Omba fulana moja ya mfano, ivute pale penye maandishi, ifue mara tatu, kisha itazame: wino usioiva hupasuka nyufa na kubanduka. Kadhalika, picha iliyo kwenye nguo nyeusi huhitaji tabaka jeupe chini yake, nalo huhesabiwa kama rangi nyingine yenye fremu yake. Uliza kabla hujakubaliana bei, usije ukalisoma kwenye stakabadhi.

Kampuni za ng'ambo sizidharau. Iwapo takwimu za chaneli zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya watazamaji wako Uingereza au Marekani, kuwatumia mzigo kutoka Dar es Salaam kwaweza kuzidi bei ya fulana yenyewe, na hapo kuchapa huko huko waliko ni busara. Bali mtazamaji wa Mbeya atakayeagiza kwao atalipa nauli ya bahari nzima, na pengine ushuru, kwa nguo ambayo ingefika kwa basi. Kabla ya kufungua duka huko, hakikisha benki au njia ya malipo uliyo nayo itaweza kupokea fedha watakazokutumia.

Na fundi wako mlipe nusu tu kwanza. Nusu iliyobaki mpe utakapokwisha kuzihesabu na kuzivuta zote.