Mwenye vifaranga anapomwandikia mwenye duka la dawa

Barua pepe ya kuomba ushirikiano huandikiwa mfanyabiashara ambaye wateja wake ni walewale lakini bidhaa yake ni nyingine. Mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga na mwenye duka la dawa na vyakula vya mifugo wako hivyo. Anayenunua vifaranga 100 leo atahitaji chakula leo hiihii, na kwa kawaida chanjo ya kideri siku ya 7 na ya gumboro siku ya 14. Wawili hao hawanyang'anyani mteja, na hasara yao ni moja: vifaranga vikifa, mfugaji hulaumu mbegu, kisha hulaumu dawa, na mwishowe huacha kufuga kabisa.

Tuseme anayeandika ni mwenye vifaranga, mjini Morogoro. Wengi huharibu barua kwa kuanza na historia yao: biashara ilianza lini, mashine ni ya mayai mangapi. Mwenye duka husoma kwenye simu huku wateja wakimsubiri, hivyo mistari ya kwanza imhusu yeye. Kichwa cha barua kinaweza kuwa “Mafunzo ya pamoja kwa wanunuzi wa vifaranga”, na barua ikaanza hivi: “Habari za kazi, kaka. Wateja wangu wengi hurudi kuniuliza namna ya kuchanganya chanjo ya gumboro, na mimi si mtaalamu wa dawa. Wewe huwaelekeza watu jambo hilo kila siku dukani kwako.” Hapo msomaji ameshaona kwa nini ametafutwa yeye.

Ombi lenyewe liwe moja na liwe dogo. Mafunzo ya asubuhi moja yanafaa kuliko mkataba wa mwaka, maana kila mmoja atapata kumjua mwenzake kazini. Tarehe ni rahisi kuipata: mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21 mashineni, kwa hiyo anayetotolesha anajua wiki tatu kabla ni siku gani wateja watakuja kuchukua mzigo. Mafunzo yakiwekwa Jumamosi ya kabla ya siku hiyo, watu watakuja kwa sababu wana haja. Mwenye vifaranga atafundisha joto la banda na jinsi ya kulisoma kwa kuvitazama vifaranga, kwani vikirundikana pamoja vinahisi baridi. Mwenye duka atafundisha chanjo, pamoja na jambo linalowaponyoka wengi, kwamba maji ya bomba yenye klorini huiharibu chanjo hai ya kunywesha.

Hesabu iandikwe humohumo kwenye barua. Watu 30 wakilipa shilingi 5,000 kila mmoja, zitapatikana 150,000. Ukumbi ukiwa 50,000, chai 60,000 na karatasi 10,000, zitabaki 30,000 za kugawana nusu kwa nusu. Lakini wakija 15 tu, mapato ni 75,000 na chai itashuka hadi 30,000, hivyo kutakuwa na upungufu wa 15,000. Anayependekeza aseme wazi kuwa upungufu huo ataubeba yeye. Sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa za sifa.

Kuelekezana wateja ni jambo la pili, na litajwe kwa mistari miwili tu. Ugumu wake ni kwamba wateja hawaendi pande zote kwa usawa: mwenye vifaranga ndiye hukutana na mfugaji mwanzo, kwa hiyo atapeleka wengi kuliko atakaopelekewa. Wengine huziba pengo hilo kwa kamisheni. Kwenye dawa, hilo ni kosa. Anayelipwa kwa kila chupa iliyouzwa atashawishika kumwandikia mfugaji chupa asiyoihitaji. Afadhali mteja mwenyewe apunguziwe bei akifika na kikaratasi chenye mhuri, na vikaratasi vihesabiwe mwisho wa mwezi. Baada ya miezi mitatu wataona kama utaratibu unafanya kazi. Dalili mbaya ni vikaratasi vingi kutolewa na vichache kurudi. Hapo wateja waulizwe kama bei ndiyo inayowafukuza au ni huduma.

Orodha ya namba za simu za wateja isiambatanishwe kamwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mteja aliyeacha namba ili aitwe kuchukua vifaranga hakuitoa ili igawiwe duka jingine. Aombwe ridhaa kwanza.

Barua ifungwe kwa swali linalojibika kwa neno moja: “Je, Alhamisi saa kumi jioni nipite dukani tuzungumze?” Wiki ikipita bila jibu, akumbushwe mara moja kwa ujumbe mfupi. Akiendelea kunyamaza, aandikiwe mwenye duka mwingine kabla mayai hayajaanguliwa.