Gauni Lilelile, Mikono Mirefu



Mwezi wa Shaabani nilikuwa Embu kwa shemeji yangu, nikaikuta nyumba imegawanyika kwa sababu ya gauni. Binti yake amebaleghe, na gauni alipendalo ni la kitenge lisilo na mikono: rangi ya kahawia, lenye maua makubwa ya buluu. Kitambaa chake alinunuliwa na bibi yake, marehemu sasa. Mama alitaka livaliwe juu ya blauzi nyeusi. Binti akajibu kwamba likivaliwa hivyo si gauni la bibi tena. Alitaka maua yaleyale na rangi zilezile, ila mikono iwe mirefu. Kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Fundi wa kwanza, palepale mjini, alikipata sokoni kitenge cha maua hayo, akatia mikono. Tulipolitoa gauni nje, mikono iling'aa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Gauni limefuliwa na kuanikwa miaka mitatu, kitambaa kile kimetoka dukani jana. Isitoshe, ua lake lilikuwa dogo kwa nusu inchi, kwani viwanda huigana michoro, na ni jina lililochapwa ukingoni mwa kitambaa ndilo linaloonyesha kimetoka wapi. Tena binti hakuweza kuinua mikono.

Nilikuwa na safari ya Meru, basi nikampakia binti na mama yake, tukapitia Chuka hadi kwa fundi mmoja mwanamke karibu na soko la Gakoromone. Hakugusa cherehani. Aliuliza kwanza, "Kitambaa kilichobaki kiko wapi?"

Swali hilo ndilo lililokata shauri. Bibi alinunua yadi sita. Gauni lilikula tatu na nusu, na yadi mbili alizishona mtandio uliokuwa umelala sandukuni. Wiki iliyofuata tukamletea. Fundi aliutandaza mlangoni, penye mwanga wa mchana, si chini ya taa, akaulinganisha na mabega ya gauni. Kwa nini mabega? Kwa sababu ndipo jua linapopiga zaidi, na ndipo mkono utakapoungana na gauni. Akilinganisha na upande wa ndani wa pindo, atadanganyika.

Mtandio ulikuwa umeiva rangi kidogo kuliko gauni. Akaufua kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, akauanika juani, akaulinganisha tena ulipokauka. Kitambaa kibichi huonekana kimekoza kuliko kilivyo. Alirudia mara nne, hata jicho lisione tofauti. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hakuitaka kabisa, kwani hula rangi moja na kuiacha nyingine. Ufuaji huo una faida ya pili: pamba hujikunja, na mkono ulioshonwa kabla ya kujikunja utapanda juu ya kifundo siku gauni litakapofuliwa.

Kisha akakata. Mkono ulihitaji urefu wa inchi 26 pamoja na pindo, na upana wa inchi 16. Kitambaa kina upana wa inchi 45, hivyo mikono miwili ingetosha ubavu kwa ubavu, na inchi 26 zingeondoka. Lakini ua halikubali hesabu hiyo. Ili maua yakae mahali pamoja katika mikono yote miwili, alilazimika kuuteremsha mmoja, akatumia inchi 38. Alianza kupima kifuani, pale mkono unapokutana na gauni kwa mbele, safu ya maua iendelee bila kukatika. Mzunguko wote hauwezi kulingana, wala fundi aahidiye hivyo asiaminiwe. Nyuma ya bega ua litavunjika, na hapo haliudhi jicho.

Tukafika kwapani. Gauni lisilo na mikono hukatwa kwapa la juu na la kubana, ili mwili usionekane. Fundi wa kwanza aliunga mikono juu ya kwapa hilo hilo. Huyu alifumua pindo la ndani, akateremsha kwapa kwa nusu inchi tu. Angelishusha zaidi, gauni zima lingepanda kila mkono unapoinuliwa. Begani hakukata kitu, kwa kuwa pindo la zamani lilikuwa limechanjwachanjwa ili lipinde vizuri, na mshono ukikaribia vichanja hivyo kitambaa hufumuka. Akapiga mshono juu ya alama ya ule wa zamani.

Binti alilivaa, akainua mikono kama anayeanua nguo kambani, akaishusha. Gauni halikupanda.

Zimebaki inchi 34 za mtandio. Fundi alimwagiza azifue pamoja na gauni kila mara na kuzianika kamba moja, ili siku kiwiko kitakapochanika kiraka kiwe na rangi ya gauni.