Sura ya Sita: Makadirio Yasiyopanda

Wengi hudhani hesabu hupindwa kwa kughushi risiti au kumbuni mteja asiyekuwepo. Yapo hayo. Lakini mhasibu aliyeajiriwa na kampuni ya ujenzi pale Al Sadd anaweza kufanya kazi miaka kumi asiombwe hata mara moja kughushi kitu. Atakachoombwa ni kuiacha namba moja kama ilivyo.

Namba hiyo ni makadirio ya gharama yote ya mradi mpaka ukamilike. Tuchukue kampuni ya mfano, yenye ofisi ghorofa ya tatu karibu na Barabara ya Al Sadd, inayofunga viyoozi kwenye majengo ya Doha. Ina mkataba wa riali milioni 12, na mwanzoni ilikadiria kwamba kazi itagharimu milioni 10. Kufikia Desemba imeshatumia milioni 6. Mikataba ya namna hii mapato yake huhesabiwa kadiri kazi inavyosonga, na njia iliyozoeleka ni kulinganisha gharama iliyokwisha kutumika na gharama yote inayotarajiwa. Milioni 6 kwa 10 ni asilimia 60. Basi mapato ni milioni 7.2, na faida milioni 1.2.

Sasa mhasibu wetu, binti wa Tanga aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, anafungua faili la manunuzi. Anakuta bei ya mabomba ya shaba imepanda, mkandarasi mdogo mmoja amekimbia na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine aliye ghali zaidi, na oda ambazo bado hazijaletewa ankara zinazidi sana kile kilichobaki kwenye bajeti. Anakaa na mhandisi, wanapiga hesabu upya: gharama yote ni milioni 12.5. Kazi iliyofanyika si asilimia 60 tena, ni 48, na mapato yanashuka hadi milioni 5.76. Zaidi ya hapo, mkataba wenyewe umeshakuwa wa hasara ya nusu milioni, na kanuni ya IAS 37 inataka hasara hiyo itambuliwe yote sasa hivi, isingojee mradi uishe. Faida ya milioni 1.2 imegeuka hasara ya laki tano. Tofauti ni milioni 1.7, na hakuna riali hata moja iliyoibwa.

Meneja wa fedha hamkaripii. Anamwambia kwa upole kwamba benki inazisubiri hesabu za Desemba ili iongeze muda wa mkopo, kwamba mteja atalipia kazi za ziada, na kwamba mhandisi siku zote ni mwoga. “Tuache milioni 10 mpaka Machi.” Sentensi hiyo ndiyo shinikizo lenyewe, na ugumu wake ni kwamba karibu kila neno ndani yake lingeweza kuwa kweli.

Utajuaje basi kama ni tofauti ya maoni tu au ni kupinda? Mimi huangalia jinsi gharama iliyobaki ilivyopatikana. Ikiwa mtu amechukua milioni 10, akatoa 6, akaandika 4, hapo hakuna aliyekadiria, ametoa tu. Makadirio ya kweli huanzia upande wa pili: mabomba mangapi bado, mafundi wangapi kwa miezi mingapi, oda zipi ziko wazi. Dalili nyingine ni namba isiyotikisika miezi sita mfululizo huku ankara zikizidi kuja. Na hizo kazi za ziada hazihesabiwi kwa matumaini. Pasipo idhini ya mteja, au haki inayodaiwa kisheria pamoja na uwezekano mkubwa kwamba fedha hiyo haitarudishwa nyuma baadaye, haiingii kwenye mapato.

Kanuni za Maadili za bodi ya kimataifa ya IESBA, ambazo ndizo msingi wa kanuni za NBAA na za ICPAK ya Kenya, zina kifungu kizima kuhusu shinikizo, namba 270. Mwanachama hazivui akipanda ndege. Hazimtaki aanze kwa kupiga kelele. Zinamtaka azungumze na anayemshinikiza, na asipoelewana naye apande ngazi: mkurugenzi mkuu, kisha wamiliki au bodi. Ikishindikana, asiweke mkono wake kwenye taarifa anayojua inapotosha, na ikibidi aondoke. Silaha nzuri hapa ni barua pepe fupi isiyomtuhumu mtu: “Nimeambatanisha oda zilizo wazi. Naomba nyaraka zinazoonyesha kwamba milioni 10 bado inatosha.” Mwenye nyaraka atazileta. Asiyekuwa nazo atapiga simu, na baada ya simu hiyo unaandika kwa ufupi kilichosemwa, pamoja na tarehe.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mhasibu wa kuajiriwa hawezi kuwa huru kama mkaguzi wa nje; mshahara wake unatoka kwa anayemhesabia. Kinachotakiwa kwake ni kutopendelea. Uhuru ni wa mkaguzi, na hata huo una mipaka, maana anayekaguliwa ndiye mara nyingi huvunja mkataba. Watanzania tuliliona hilo kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu. Wakaguzi wa Deloitte & Touche walipohoji malipo ya mwaka wa fedha 2005/06, mkataba wao ulisitishwa. Ikabidi Ernst & Young waitwe, nao wakakuta malipo yasiyo halali ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22, na Januari 2008 gavana akaondolewa. Suali alilouliza mkaguzi wa kwanza lilibaki mezani kwa sababu lilikuwa limeandikwa.

Kwa hiyo mkaguzi akija Al Sadd na kumuuliza binti yetu kuhusu makadirio, usiri haumpi ruhusa ya kudanganya wala kuficha faili. Kazi ya usiri ni kwa watu wa nje. Asiitume picha ya jedwali hilo kwa shemeji yake, wala kwenye kundi la wahasibu wa Afrika Mashariki walioko Doha, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya 2004, kinamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi wala kiinua mgongo mfanyakazi aliyetoa siri za kampuni. Anaweza kuiuliza bodi yake au mwanasheria bila kumtaja mtu wala mradi; ushauri hauhitaji jina.

Na akiamua kuondoka? Ajue bei yake mapema, maana hofu hukua pale mtu asipojua atapoteza nini hasa. Tangu 2020 hahitaji tena barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi ili kuhamia kampuni nyingine. Notisi ni mwezi mmoja, au miwili akiwa amepita miaka miwili kazini. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka: kwa riali 6,000 na miaka minne, ni 16,800, nayo anaipata hata kama ni yeye aliyeandika barua, ilimradi ametimiza notisi. Kwenye barua hiyo asieleze ugomvi. Kwenye hati ya makabidhiano, aorodheshe mradi wa viyoozi, milioni 12.5 ya mhandisi, milioni 10 iliyotumika kwenye hesabu, na mahali zilipo oda.