Hati Ikikaa Benki

Mthamini hamalizi asubuhi shambani. Anatazama barabara iko umbali gani, stima imefika au la, anapiga picha mipaka, anauliza ekari za jirani ziliuzwa ngapi. Ripoti yake ina bei mbili: ya soko, na ile ambayo ardhi ingepata ikiuzwa kwa haraka. Benki hutazama zaidi ya pili.

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Trans Nzoia ana ekari mbili za shamba zenye thamani ya shilingi milioni 6 sokoni. Bei ya haraka ni milioni 4.5, na benki inampa milioni 3.5. Hana haja ya kukasirika. Hiyo ndiyo hesabu ya anayejua huenda akauza.

Kabla ya fedha kutoka, shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kama ni mali ya ndoa, mke au mume lazima akubali kwa maandishi. Kisha rehani huandikishwa kwenye daftari la msajili wa ardhi, baada ya kulipa ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo, yaani shilingi 3,500. Ardhi inabaki ya mwenyewe. Lakini yeyote atakayefanya upekuzi ataiona ile rehani, hivyo hatapatikana mnunuzi makini mpaka deni liishe na rehani ifutwe.

Sasa duka limeyumba. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kukimbilia mnada. Hutoa notisi ya siku 90 ya kulipa malimbikizo, kisha ya siku 40 ya kusudio la kuuza. Dalali naye hutoa yake ya siku 45. Zikifuatana ni siku 175, na wengi huzipoteza wakificha barua kabatini.

Kinachouzwa ni ardhi na kilichoshikamana nayo: nyumba, kisima, ukuta. Mifuko ya saruji dukani haimo, ila iwe imewekwa dhamana kando. Kabla ya kuuza, mkopeshaji lazima afanye uthamini mpya. Soko likibaki milioni 6 na ardhi ikauzwa milioni 4.5 au chini, sheria inachukulia kwamba hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo.

Ikiuzwa milioni 5, na deni, riba na gharama vikafika milioni 4.2, laki 8 zinazobaki ni za mwenye shamba. Ikipungua, atadaiwa kilichosalia hata kama shamba limekwenda.

Bado unaweza kulipa deni lote na kulikomboa shamba mpaka nyundo ya dalali igonge. Ikishagonga, aliyeonewa kwa kawaida hudai fidia tu, shamba halirudi. Kwa hiyo ile barua ya kwanza, ya siku 90, mpelekee wakili siku hiyohiyo.